Kupima Mzigo na Manufaa: Uamuzi wa Tiba ya Saratani ya Umio kwa Mgonjwa wa Miaka 84

Mgonjwa mwenye umri mkubwa sana anapogundulika kuwa na saratani, ndugu na watabibu huwa na mwelekeo wa kuangukia mojawapo ya makosa mawili. La kwanza ni kumnyima tiba kwa sababu ya umri wake tu, kana kwamba mwaka wa kuzaliwa ni ugonjwa. La pili ni kumpa tiba ileile anayopewa mtu wa miaka 55, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa katika mwongozo, bila kuuliza kama mwili wake utaimudu na kama yeye mwenyewe anakitaka kile ambacho tiba hiyo inaahidi. Makala haya yanaeleza namna ya kuyaepuka makosa yote mawili, kwa kumfuata mgonjwa mmoja hatua kwa hatua. Mgonjwa huyu ametungwa kwa ajili ya kufundishia, lakini hali yake ni ile inayoonekana mara kwa mara katika kliniki za saratani za Afrika Mashariki, ambako saratani ya umio, yaani mrija unaopeleka chakula tumboni, ni miongoni mwa saratani zinazowapata watu wengi.

Mgonjwa mwenyewe

Bibi wa miaka 84, mkazi wa kijiji kimoja katika milima ya Usambara, aliletwa na mwanawe wa kiume anayeishi na kufanya kazi Dar es Salaam. Kwa muda wa miezi minne chakula kilikuwa kikimkwama kifuani. Kilianza kukwama kipande cha nyama, kisha ugali, kisha ndizi za kupondwa. Siku alipofika hospitalini aliweza kumeza uji mwepesi, chai na maziwa tu. Uzito wake ulikuwa umeshuka kutoka kilo 55 hadi kilo 44. Alikuwa na shinikizo la damu la siku nyingi ambalo alilimeza vidonge viwili kila siku, na hakuwa na maradhi mengine yaliyojulikana.

Kipimo cha kamera kilionesha uvimbe katikati ya umio, wenye urefu wa sentimita sita, uliokuwa umeziba sehemu kubwa ya njia. Kinyama kilichokatwa kilithibitisha saratani ya seli bapa, aina iliyo ya kawaida zaidi katika ukanda huu. Kipimo cha sitiskani kilionesha tezi mbili zilizovimba karibu na umio, lakini ini na mapafu yalikuwa safi. Kwa lugha ya vitabu, ugonjwa huo ulikuwa bado katika eneo lake, na kwa mgonjwa mwenye nguvu ungeweza kutibiwa kwa nia ya kuponya.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Mwanawe alisikia kwamba ipo tiba ya kuponya, akasema: "Daktari, fanyeni kila linalowezekana. Gharama ni juu yangu." Kauli hiyo ilitoka katika upendo. Hata hivyo, haikuwa na jibu la swali ambalo jopo la wataalamu lilipaswa kulijibu kwanza.

Swali la kwanza: asipotibiwa, ni nini kitakachotokea, na lini?

Manufaa ya tiba hupimwa kwa kulinganishwa na mwendo wa ugonjwa wenyewe. Kuna saratani zinazokwenda polepole kiasi kwamba mzee wa miaka 84 ana uwezekano mkubwa wa kuishi nazo na kufariki kwa sababu nyingine. Saratani ya tezi dume iliyogunduliwa mapema, isiyo na dalili na yenye seli za aina tulivu, ni mfano mzuri. Kwa mzee kama huyo, kuifuatilia bila kuikata wala kuichoma kwa mionzi mara nyingi ndiyo tiba bora, kwa sababu madhara ya tiba yanaanza leo ilhali manufaa yake yangeonekana baada ya miaka kumi.

Saratani ya umio ni kinyume cha hiyo. Mgonjwa aliyefikia hatua ya kumeza vimiminika pekee, akiachwa bila msaada wowote, kwa kawaida huishi miezi michache tu. Tena si uvimbe kusambaa unaotangulia kumuua. Aghalabu hutangulia njaa, upungufu wa maji mwilini, na homa ya mapafu inayosababishwa na mate na chakula kuingia katika njia ya hewa. Jambo hili lina uzito mkubwa katika uamuzi, kwa sababu linaonesha kwamba kulikuwa na malengo mawili tofauti yaliyochanganywa katika kauli ya "kila linalowezekana". Lengo moja lilikuwa kuua saratani. La pili lilikuwa kufungua njia ya chakula. Tiba inayofaa kwa lengo moja si lazima ifae kwa lengo jingine.

Swali la pili: mwili una akiba kiasi gani?

Umri unaoandikwa katika kadi hauelezi mengi. Wazee wawili wa miaka 84 wanaweza kutofautiana kama mtu wa miaka 70 anavyotofautiana na mtu wa miaka 95. Kinachotafutwa ni akiba ya mwili, yaani uwezo wa kustahimili pigo la tiba na kuinuka tena.

Kipimo rahisi cha kuanzia kinaitwa G8. Kina maswali manane yanayohusu ulaji, kupungua uzito, uwezo wa kutembea, akili na hali ya moyo, uwiano wa uzito na urefu, idadi ya dawa, namna mgonjwa anavyoiona afya yake, na umri. Alama za juu kabisa ni 17, na anayepata 14 au chini ya hapo anahitaji uchunguzi wa kina zaidi kabla ya tiba kuamuliwa. Bibi huyu alipata 7.

Msomaji anaweza kuhitimisha haraka kwamba alama 7 zinamfungia mlango. Lakini zichunguzwe zilikopotelea. Alipoteza alama zote za ulaji na za uzito, na nyingine katika uwiano wa uzito na urefu. Hizo ziliondoka kwa sababu njia ya chakula ilikuwa imeziba. Mwanawe alipoulizwa mama yake alikuwaje mwaka mmoja uliopita, alieleza kwamba alikuwa akipalilia bustani yake ya kabichi, akipika mwenyewe, na akishuka sokoni kwa miguu kila juma. Huo haukuwa udhaifu wa uzee uliokomaa kwa miaka mingi. Kwa sehemu kubwa ulikuwa udhaifu wa njaa ya miezi minne. Swali la "mwaka jana ulikuwaje?" huchukua dakika mbili, na mara nyingi huwa na thamani kuliko kipimo kingine chochote, kwa kuwa hutenganisha kilicholetwa na ugonjwa, ambacho huenda kikarekebishika, na kilichokuwapo kabla yake.

Hata hivyo kulikuwa na mambo mawili yasiyorekebishika upesi. Alipoombwa ainuke kitini, atembee mita tatu, ageuke, arudi na kuketi, alitumia sekunde 19. Mzee mwenye misuli imara hutumia sekunde 12 au pungufu. Misuli iliyoyeyuka kwa njaa huchukua miezi kurudi, na katika umri huo pengine isirudi yote.

La pili lilikuwa figo, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Majibu ya maabara yalionesha kreatinini ya 95, kwa kipimo cha mikromoli kwa lita. Namba hiyo iko ndani au karibu kabisa na kiwango ambacho maabara nyingi hukiita cha kawaida, na daktari mwenye haraka angeandika kwamba figo ni nzima. Lakini kreatinini hutengenezwa na misuli, na mtu mwenye misuli michache huzalisha kidogo. Kwa hiyo huweza kuwa na namba nzuri huku figo zake zikiwa zimechoka. Njia ya kukokotoa uwezo wa figo kwa mwanamke ni hii:

(140 − umri) × uzito × 1.04 ÷ kreatinini

Kwa bibi huyu ni 56 × 44 × 1.04 ÷ 95, jibu likiwa takriban mililita 27 kwa dakika. Alipoongezewa maji kwa siku mbili, kreatinini ilishuka hadi 78, na uwezo wa figo ukapanda hadi 33. Upungufu wa maji ulikuwa umechangia, lakini hata baada ya kurekebishwa, figo zilibaki chini mno ya kiwango cha mililita 50 hadi 60 ambacho kwa kawaida huhitajika ili kumpa mgonjwa sisplatini, dawa iliyo nguzo ya tiba ya kuponya saratani hii kwa kuunganisha tibakemikali na mionzi.

Swali la tatu: mgonjwa mwenyewe anataka nini?

Kabla ya kuzungumza na bibi, mwanawe alimvuta daktari kando na kumwomba asimtajie mama yake neno saratani. Ombi hili husikika sana, na kulikataa kwa ukali hujeruhi familia. Lakini kulikubali papo hapo ni kumnyang'anya mgonjwa haki ambayo hajaitoa. Njia ya katikati ni kumuuliza mgonjwa mwenyewe anataka kujua kiasi gani. Anaweza kujibu kwamba mambo hayo aelezwe mwanawe, na jibu hilo litaheshimiwa. Anaweza pia kujibu vinginevyo.

Daktari aliketi karibu na kitanda, akamwamkia, kisha akauliza: "Bibi, wapo wanaopenda kuelezwa yote kuhusu ugonjwa wao, na wapo wanaopenda ndugu ndio waelezwe. Wewe ungependa iwe vipi?"

Bibi alimtazama mwanawe, kisha akasema: "Mwanangu, mimi ndiye ninayelala na njaa. Niambie mimi, na huyu akae asikie."

Swali lililofuata halikuwa "unataka tiba au hutaki?" Swali la namna hiyo halina maana kwa mtu ambaye hajui tiba ina nini ndani yake, na wengi hujibu ndiyo kwa kuchelea kuonekana wamekata tamaa au kuwaudhi watoto wao. Daktari aliuliza mambo matatu: ni nini kinachokusumbua zaidi sasa, ni nini ungependa kukifanya katika miezi ijayo, na ni jambo gani usingelikubali hata kama lingekuongezea siku.

Majibu yake yalikuwa wazi. Kilichomsumbua zaidi ni kukaa peke yake na kikombe cha uji wakati wenzake wakila. Alichokitaka ni kuwapo katika harusi ya mjukuu wake, wiki saba mbele, na kula wali wa harusi pamoja na watu. Asichokikubali kilikuwa mambo mawili: kulazwa mjini muda mrefu na kufia huko, na kufikia hali ya kusafishwa na wajukuu kama mtoto mchanga.

Majibu ya aina hii si ya ajabu. Katika utafiti wa Marekani ulioongozwa na daktari Terri Fried na kuchapishwa mwaka 2002, watu 226 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, wagonjwa wa saratani, moyo au mapafu, waliulizwa juu ya tiba mbalimbali. Karibu wote walikubali tiba nyepesi ambayo ingewarudisha katika hali yao ya sasa. Lakini walipoambiwa kwamba tiba ingewaokoa na kuwaacha na ulemavu mkubwa wa mwili, karibu watu watatu katika kila wanne waliikataa. Ulipotajwa upotevu wa akili, waliokataa walikaribia tisa katika kila kumi. Wagonjwa hawapimi tiba kwa uwezekano wa kuishi pekee. Wanaipima kwa hali watakayoishi nayo, na hilo daktari hawezi kulijua asipouliza.

Swali la nne: kila tiba inatoa nini, lini, na kwa mzigo gani?

Jopo lilikuwa na njia tatu mezani, ukiacha ile ya kutomfanyia lolote kuhusu kumeza.

Njia ya kwanza ilikuwa tibakemikali pamoja na mionzi kwa nia ya kuponya. Msingi wake ni jaribio mashuhuri la Marekani, RTOG 85-01, ambapo wagonjwa 26 katika kila 100 waliopewa tiba hizo mbili kwa pamoja walikuwa hai baada ya miaka mitano, ilhali katika kundi la mionzi pekee hakubaki hata mmoja. Mwanawe aliposikia "mmoja katika wanne" uso wake ulibadilika kwa matumaini. Lakini namba hiyo ilipatikana kwa watu ambao wengi wao walikuwa wadogo kuliko mama yake kwa miaka ishirini hivi, wenye figo zilizotosha kupokea sisplatini. Kumhamishia namba hiyo bibi wa miaka 84 mwenye figo za mililita 33 na misuli iliyoyeyuka ni sawa na kumkadiria mavuno mkulima wa mlimani kwa vipimo vya shamba la bondeni. Wapo wazee wateule wanaofaulu kwa dawa mbadala kama kaboplatini, lakini hao huwa na akiba ambayo bibi huyu hakuwa nayo.

Na mzigo wake? Mionzi hutolewa kwa vipindi 28, siku tano kwa juma, hivyo ingembidi akae Dar es Salaam kwa wiki tano na nusu au sita. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu umio huungua kwa ndani, na kumeza huwa kugumu kuliko mwanzo kabla hakujawa afadhali. Wagonjwa wengi huhitaji mpira wa kulishia. Kwa hesabu ya kalenda, siku ya harusi ingemkuta katika kilele cha maumivu hayo. Hivyo tiba yenye ahadi kubwa zaidi kwenye karatasi ingemnyang'anya yote mawili aliyoyaomba, kwa nafasi ndogo ya kupona ambayo hakuna aliyeweza kuikadiria kwa uhakika.

Njia ya pili ilikuwa mionzi mifupi kwa nia ya kupunguza dalili, kwa mfano grei 20 kwa vipindi vitano vya juma moja. Mzigo wake ni mwepesi zaidi. Ubora wake ni kwamba hupiga uvimbe wenyewe, na nafuu ikipatikana huweza kudumu. Udhaifu wake ni kwamba nafuu huja baada ya wiki kadhaa, na haiji kwa kila mtu. Kijana mmoja katika jopo alipendekeza kuongeza tibakemikali kidogo ili kuipa nguvu. Swali hilo lilishajaribiwa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2018, likiwa na wagonjwa 220 kutoka Australia, Nyuzilandi, Kanada na Uingereza, lilionesha kwamba waliopata nafuu ya kumeza walikuwa 35 katika kila 100 kwa mionzi pekee na 45 kwa mionzi na tibakemikali, tofauti ambayo huenda ilitokana na bahati tu. Madhara makali yalipanda kutoka 16 hadi 36 katika kila 100, na muda wa kuishi ulikuwa karibu miezi saba kwa makundi yote mawili. Mzigo uliongezeka zaidi ya maradufu bila manufaa yaliyothibitika.

Njia ya tatu ilikuwa stenti, yaani bomba dogo la wavu wa chuma linalopitishwa kwa kamera na kutanuka lenyewe ndani ya umio. Haipunguzi saratani hata kidogo. Inachofanya ni kufungua njia, na huifungua ndani ya siku moja au mbili. Hospitali ya Tenwek, huko Bomet nchini Kenya, imewawekea wagonjwa wengi stenti hizi bila hata kutegemea eksirei ya moja kwa moja, jambo linaloonesha kwamba huduma hii inaweza kutolewa nje ya miji mikubwa. Lakini stenti nayo ina gharama yake. Siku za mwanzo kifua huuma. Baadaye inaweza kuzibwa na chakula, kuteleza kutoka mahali pake, kumezwa na uvimbe unaokua kwenye ncha zake, au, mara chache, kusababisha damu kuvuja au tundu kati ya umio na njia ya hewa. Kadiri mgonjwa anavyotarajiwa kuishi muda mrefu zaidi, ndivyo nafasi ya mojawapo ya matatizo haya inavyoongezeka.

Hivyo tofauti kati ya njia ya pili na ya tatu ni suala la wakati. Mgonjwa anayeweza kusubiri, ambaye bado anakula vyakula laini na anatarajiwa kuishi miezi mingi, hufaidika zaidi na mionzi. Mgonjwa ambaye njia inakaribia kuziba, na muda wake ni mfupi, hufaidika zaidi na stenti.

Uamuzi

Daktari alizieleza njia hizo kwa bibi na mwanawe kwa maneno ya kawaida, akianza na kile ambacho bibi alikisema mwenyewe. "Ulisema unataka kula na watu, na unataka kuwa nyumbani. Ipo tiba inayojaribu kuuondoa ugonjwa wote. Itakuweka mjini muda mrefu, itakufanya umeze kwa shida zaidi kwanza, na kwa hali ya figo zako nafasi ya kufaulu ni ndogo. Ipo nyingine inayofungua njia ya chakula kesho au keshokutwa, lakini ugonjwa utabaki. Kwa yale uliyoniambia, mimi ningeshauri hii ya pili." Ni muhimu daktari atoe ushauri wake. Kumwachia mgonjwa orodha ya tiba achague mwenyewe, kwa jina la kuheshimu uhuru wake, ni kumtwisha mzigo wa kitaalamu usio wake.

Bibi alichagua stenti. Mwanawe alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama huko si kukata tamaa. Aliyemjibu ni mama yake: "Nimekwambia nataka kula. Kukata tamaa ni kulala na njaa."

Uamuzi huo haukuishia kwenye jina la tiba. Ulikuwa na sehemu tatu zaidi, ambazo zikiachwa uamuzi wote hulegea. Kwanza, tiba shufaa ilianza siku ileile, ikaenda sambamba na stenti. Mofini ya maji ilianzishwa kwa kiwango kidogo cha miligramu 2.5, akipewa kila baada ya saa sita badala ya nne kwa sababu figo dhaifu huchelewesha kuitoa, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Mwanawe alielezwa dalili za mofini kujikusanya mwilini: usingizi mzito usio wa kawaida na misuli kurukaruka. Pili, familia ilifundishwa namna ya kula na stenti: kuketi wima, kutafuna sana, kunywa maji kidogo baada ya kila tonge, na kuepuka vipande vya nyama na matonge makubwa ya ugali mkavu. Tatu, yaliandikwa mambo ambayo yangefanya uamuzi utazamwe upya. Akianza kutokwa damu au maumivu yakizidi, mionzi mifupi ingefikiriwa. Stenti ikiziba, angerudishwa kuizibua iwapo yeye mwenyewe angependa. Akishindwa kuinuka kitandani, asingehamishwa tena kutoka nyumbani bila ridhaa yake.

Katika mfano huu bibi alikula wali wa harusi, uliopikwa laini kidogo kuliko wa wengine. Mwezi wa tatu stenti iliziba kwa kipande cha nyama, akakubali kurudi ikazibuliwa. Mwezi wa tano alidhoofika, akasema hataki safari nyingine, na alifariki nyumbani kwake. Haiwezekani kusema kwa yakini kwamba tiba nzito isingempa muda mrefu zaidi. Kinachoweza kusemwa ni kwamba muda alioupata aliutumia kwa yale aliyoyataja alipoulizwa.

Uamuzi huohuo unapogeuka

Ingekuwa hatari kwa msomaji kuchukua kutoka katika mfano huu kanuni kwamba wazee wa miaka 84 hupewa tiba nyepesi. Jambo moja likibadilika, jibu hubadilika pia. Chukua mgonjwa wa umri uleule mwenye saratani ya tezi za limfu ya aina inayokua kwa kasi, iitwayo limfoma ya seli B kubwa. Saratani hiyo huua kwa miezi ikiachwa, lakini hunyenyekea kwa dawa. Watafiti wa Ufaransa, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011, waliwapa wagonjwa 149 wenye umri wa zaidi ya miaka 80 mchanganyiko uleule wa dawa wanaopewa vijana, lakini tibakemikali ikiwa katika dozi zilizopunguzwa sana. Baada ya miaka miwili wagonjwa 59 katika kila 100 walikuwa hai. Kumwambia mzee kama huyo kwamba umri wake hauruhusu tiba ni kumnyima miaka aliyokuwa na nafasi nzuri ya kuipata.

Vivyo hivyo kwa saratani ya umio yenyewe. Lau bibi yule angekuwa na figo za mililita 65, misuli imara, na lau angesema kwamba yuko tayari kuvumilia wiki sita mjini ili apate nafasi ya kupona, jopo lingekuwa na wajibu wa kumpa tiba hiyo kwa uangalifu, na kukubaliana naye mapema ni dalili zipi zingefanya isitishwe katikati. Umri wake ungebaki uleule wa miaka 84. Majibu ya maswali mawili tu, la akiba ya mwili na la matakwa yake, ndiyo yangekuwa yamebadilika, na pamoja nayo uamuzi wote.